Paili Chache Chini ya Mnara Mrefu

Jengo refu huweza kuharibika ingawa ardhi iliyo chini yake haijavunjika. Udongo unabeba, zege halijapasuka, hesabu za uzito ziko sawa, lakini mnara umetitia, na upande mmoja umetitia kuliko mwingine. Lifti zinaanza kukwaruza reli zake, mabomba yanayoingia kutoka barabarani yanakatika, na jirani mwenye jengo la ghorofa tatu anaona nyufa zikipanda ukutani kwake. Kwa hiyo mhandisi anayesanifu msingi juu ya udongo wa wastani, usio mwamba wala tope, ana maswali mawili. La kwanza ni kama udongo utaubeba mzigo. La pili ni jengo litashuka kiasi gani, na kama litashuka kwa usawa. Ninalotaka kulitetea leo ni kwamba paili, yaani zile nguzo za zege zinazomwagwa ndani ya mashimo marefu ardhini, mara nyingi huhesabiwa kwa kufuata swali la kwanza wakati kazi yake halisi iko kwenye swali la pili. Zikihesabiwa kwa kufuata swali la pili, idadi yake hupungua sana, na mzigo uliobaki huachiwa rafti, lile bamba nene la zege ambalo lazima litandazwe chini ya jengo hata hivyo.

Ushahidi wangu mkubwa unatoka Frankfurt, Ujerumani, kwa sababu huko jambo hili lilijengwa kwa ukubwa na kisha likapimwa. Mji ule umekaa juu ya udongo wa mfinyanzi mgumu kiasi, wenye tabaka nyembamba za chokaa, unaoshuka kwa makumi ya mita. Juu yake kuna mita chache za mchanga na kokoto. Mfinyanzi huo ni udongo wa wastani hasa: haumezi jengo, ila hukandamizika polepole chini ya uzito, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyozidi kuwa mgumu. Minara ya mwanzo ya Frankfurt iliwekwa juu ya rafti peke yake, na mingi ilititia kwa sentimita 15 mpaka 35. Hakuna uliovunja udongo. Tatizo lilikuwa kutitia kusiko sawa, na pia sehemu za chini za majengo zilizounganishwa na mnara lakini zisizokuwa na uzito wa kushuka pamoja nao. Katika jengo la minara pacha la benki moja kubwa ililazimu kuweka jeki bapa za maji kati ya mnara na sehemu ya chini ya kando, ili tofauti ya kimo irekebishwe ujenzi ukiendelea.

Kisha ukaja mnara wa maonyesho ya biashara, Messeturm, uliojengwa kati ya mwaka 1988 na 1991. Una urefu wa mita 256.5, na ulikuwa jengo la ofisi refu kuliko yote Ulaya mpaka mwaka 1997. Rafti yake ni mraba wenye upande wa mita 58.8, unene wa mita 6 katikati na mita 3 pembezoni, na iko mita 14 hivi chini ya uso wa ardhi. Urefu wa jengo ni zaidi ya mara nne ya upana wa msingi, na hapo ndipo ugumu unapoonekana. Tuseme upande mmoja wa rafti umeshuka sentimita 10 kuliko wa pili. Kilele cha mnara kitakuwa kimesogea kando kwa sentimita 44 hivi, na uzito wote uliosogea hivyo utazidi kuukandamiza ule upande ulioshuka. Rafti tupu ingekuwa na nguvu ya kutosha, lakini ingetitia sana, na katika kutitia kwingi hata tofauti ndogo za udongo kati ya pembe moja na nyingine hukua.

Njia ya kawaida ya kuepa hatari hiyo ilikuwa kuupa mnara paili za kubeba uzito wote, kana kwamba rafti haigusi udongo. Hesabu iliyochapishwa na wahandisi wa Frankfurt inasema njia hiyo ingehitaji paili 316 zenye urefu wa mita 30. Zilizochimbwa kweli ni 64, zenye kipenyo cha mita 1.3. Zilipangwa katika duara tatu: 28 za nje zenye urefu wa mita 26.9, 20 za kati zenye mita 30.9, na 16 za ndani zenye mita 34.9. Mpangilio huu una maana yake. Udongo ulio chini ya katikati ya msingi hukandamizwa na uzito unaotoka pande zote, kwa hiyo rafti hutaka kubonyea kama kitanda cha kamba. Paili ndefu zikiwekwa ndani hukaza mahali palepale panapotaka kubonyea, na zikiufikia mfinyanzi wa chini ulio mgumu zaidi huupeleka mzigo kule ambako udongo haukandamiziki kirahisi.

Tufanye hesabu ya mkono ili tuone mzigo unavyogawanyika. Mnara na msingi wake vina uzito wa tani 188,000 hivi. Eneo la rafti ni karibu mita za mraba 3,457, kwa hiyo kila mita ya mraba inadaiwa tani 54. Lakini maji ya ardhini yako mita 5 hivi chini ya uso wa ardhi, na rafti iko mita 9 ndani ya maji hayo. Maji yanalisukuma jengo juu kwa tani 9 kwa kila mita ya mraba, jumla tani 31,000. Zinabaki tani 157,000 za kubebwa na udongo na paili. Wajenzi walifukia vipimio vya mgandamizo chini ya rafti na wakaweka vipimio ndani ya paili 12, na vipimo vikaonyesha kwamba paili zilichukua asilimia 57 hivi na rafti ikachukua zilizobaki. Maana yake ni kwamba kila paili, kwa wastani, inabeba tani 1,400, na kila mita ya mraba ya udongo chini ya rafti inapokea karibu tani 20.

Tani 20 hizo zinahitaji kutazamwa vizuri. Kabla ya jengo, pale ilipo rafti kulikuwa na mita 14 za udongo. Mita 5 za juu, zilizo nje ya maji, zilikuwa zikiukandamiza udongo wa chini kwa tani 10 hivi kwa mita ya mraba. Mita 9 zilizo ndani ya maji ziliongeza nyingine 9, maana maji hupunguza nusu ya uzito wa udongo uliozama ndani yake. Jumla ni tani 19. Hivyo rafti inaurudishia mfinyanzi takribani uzito uleule ulioondolewa wakati wa kuchimba shimo, uzito ambao udongo huo ulikwisha kuuzoea kwa maelfu ya miaka. Kinachozidi, ambacho ndicho kingeutitisha mnara, kimechukuliwa na paili na kupelekwa chini. Sidai kwamba wasanifu walianza na mlinganyo huu. Nadai kwamba unaonyesha kwa nini paili 64 zilitosha: hazikuombwa kubeba jengo, ziliombwa kubeba ziada.

Matokeo yake ni kwamba Messeturm umetitia kwa sentimita 13 mpaka 14 hivi. Kwa rafti peke yake makisio yalikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Mtu anaweza kuuliza kama sentimita 13 si nyingi bado. Ni nyingi ukitazama namba peke yake, lakini sehemu kubwa ya kushuka huko hutokea jengo likiwa linapanda, kabla vioo na lifti havijafungwa, na kushuka kwa usawa hakuliinamishi. Anayetaka sifuri lazima alipie sifuri, na gharama ya sentimita za mwisho ni kubwa kuliko ya zile za mwanzo. Paili chache za kwanza chini ya rafti hupunguza kutitia kwa kiasi kikubwa, na kila inayoongezwa baada yake hupunguza kidogo kuliko iliyotangulia, kwa sababu paili zilizokaribiana zinaukandamiza udongo uleule na hushuka kwa pamoja kama pande moja kubwa.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalowatia wasiwasi wahandisi wengi waliofunzwa kwa njia ya zamani, ni kwamba paili zinafanyishwa kazi kupita kiasi. Katika mpango wa paili 316 kila moja ingebeba tani 600 hivi. Katika mpango uliojengwa kila moja inabeba zaidi ya mara mbili ya hizo. Kiko wapi kipimo cha usalama? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama paili ingekuwa peke yake. Mwaka 1977, katika mkutano wa kimataifa wa wahandisi wa udongo uliofanyika Tokyo, John Burland na wenzake Bengt Broms na Victor de Mello walieleza wazi kwamba paili ya kupunguza kutitia inaweza kuachwa ifanye kazi karibu na ukomo wake wote. Sababu iko katika tabia ya paili inayoshikwa na udongo kwa msuguano wa ubavuni. Ikifikia ukomo haivunjiki. Huteleza kidogo na kuendelea kushika mzigo uleule, na mzigo unaozidi huhamia kwenye rafti. Usalama dhidi ya kuvunjika kwa udongo hupimwa kwa msingi mzima, rafti na paili pamoja, na mara nyingi rafti pekee ina usalama wa kutosha kabla paili ya kwanza haijachimbwa.

Tena, paili iliyo chini ya rafti ina msaada ambao paili ya peke yake haina. Mgandamizo wa rafti unaubana udongo kwenye ubavu wa paili, na udongo uliobanwa unashika zaidi. Karibu na kichwa cha paili msuguano huwa mdogo, kwa kuwa udongo wa hapo unashuka pamoja na rafti na paili, hakuna kinachosuguana na kingine. Kazi inafanyika chini. Ndiyo maana jaribio la paili moja lililofanywa uwanjani, bila rafti juu yake, haliwezi kuchukuliwa kama lilivyo na kuingizwa kwenye hesabu. Linatoa kiwango cha kuanzia tu, na ni lazima paili ya jaribio isukumwe mpaka iteleze. Jaribio linalokoma kwenye mara mbili ya mzigo wa kazi halisemi lolote kuhusu ukomo ambao msanifu wa msingi wa aina hii anautegemea.

Jambo lisilosamehe ni zege la paili lenyewe. Kuteleza kwa udongo ni kwa upole, kuvunjika kwa zege si kwa upole. Tani 1,400 juu ya kipenyo cha mita 1.3 ni kilo 105 hivi kwa kila sentimita ya mraba, na zege zuri linabeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Lakini zege la shimoni lililochanganyika na matope, au lililokatika kwa sababu bomba la kumwagia lilivutwa juu mapema mno, halibebi hata nusu. Katika msingi wa paili 316, tatu mbovu huenda zisionekane. Katika msingi wa 64, kila paili ina nafasi yake katika hesabu. Anayepunguza idadi lazima aongeze ukaguzi, na akiba yote ya fedha isirudi kwa mwenye jengo bila sehemu yake kwenda kwenye kupima uzima wa kila paili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na kwa maoni yangu halijibiwi kwa nadharia. Linasema hivi: mnahesabu msaada wa udongo chini ya rafti, je, udongo ukiondoka? Udongo unaweza kushuka wenyewe na kuiacha rafti ikining'inia juu ya paili. Hutokea pale ambapo tabaka laini linaendelea kujikandamiza, au pamejazwa kifusi kipya, au maji ya ardhini yameshushwa. Messeturm wenyewe ulilionja hilo kwa kiasi, kwani maji ya ardhini yalishushwa jirani kwa ajili ya ujenzi wa njia ya reli ya chini ya ardhi. Kumbuka zile tani 31,000 zilizokuwa zikibebwa na maji. Maji yakiondoka kabisa, tani hizo zinarudi kwenye udongo na paili. Kama zote zingeangukia paili, kila moja ingeongezewa karibu tani 485. Na si hivyo tu: udongo uliopoteza maji unakuwa mzito na kujikandamiza, nao unaweza kuanza kuivuta paili chini badala ya kuishika.

Jibu la haki ni kwamba mbinu hii ina ardhi yake. Inafaa pale ambapo rafti imekaa moja kwa moja juu ya mfinyanzi mgumu kiasi au mchanga ulioshikamana. Haifai juu ya tope laini, wala juu ya kifusi, wala juu ya udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ambao wajenzi wa Nairobi wanaujua vizuri. Huko rafti hupoteza mguso wake na udongo kila mwaka. Haifai pia pale ambapo paili zitafika kwenye mwamba mgumu karibu. Paili iliyosimama juu ya mwamba haishuki, na rafti isiposhuka haiukandamizi udongo, kwa hiyo haibebi. Kugawana mzigo kunahitaji wote wawili wasogee, na anayekataza kusogea amekataza kugawana. Anayetaka kuichukua mbinu hii mpaka pwani yetu, kwenye mchanga uliochanganyika na matumbawe, asichukue zile asilimia 57 na 43. Huo ni uwiano wa mfinyanzi wa Frankfurt, kwa urefu ule wa paili na nafasi ile kati yake. Achukue utaratibu, kisha aulize udongo wake mwenyewe kwa mashimo ya uchunguzi yanayoshuka chini zaidi ya ncha za paili, walau kwa upana wa msingi, kwani huko ndiko uzito unakopelekwa.

Mji uleule wa Frankfurt unatupa mfano wa kukataa mbinu hii kwa sababu nzuri. Mnara wa Commerzbank, uliokamilika mwaka 1997, ulijengwa ubavuni mwa mnara wa zamani wa benki hiyohiyo, wenye urefu wa mita 103. Kama jengo jipya la mita 259 lingetitia sentimita 13, lingeuvuta udongo wa jirani yake na kumwinamisha. Wasanifu walitumia paili 111 zilizopita mfinyanzi wote na kuingia kwenye chokaa iliyo chini yake, na kushuka kwa mnara hakukufika sentimita 3. Rafti hapo ilichangia kidogo sana. Kilichobadilika kati ya minara hii miwili si uzito wa jengo. Ni kiasi cha kutitia ambacho mazingira yaliruhusu, na kiasi hicho ndicho kilichoamua idadi na urefu wa paili.

Limebaki pingamizi la watu wa hesabu, kwamba mgawanyo huu unategemea kompyuta na hakuna anayeweza kuukagua. Nalikubali nusu. Kuisuka rafti, paili na udongo katika mfano mmoja ni kazi ya kompyuta, na namba zinazotoka huonekana za uhakika kuliko zinavyostahili. Lakini mkaguzi anaweza kuzibana kutoka pande mbili kwa karatasi na kalamu. Upande mmoja akadirie kutitia kwa rafti bila paili hata moja. Upande wa pili akadirie kutitia kwa kundi la paili kama pande moja linalobeba kila kitu. Jibu la kompyuta likiangukia nje ya mipaka hiyo, kuna kosa. Kisha ajiulize kama rafti tupu, katika udongo uliopimwa, ingelibeba jengo bila kuuvunja udongo hata kama ingetitia vibaya. Kwa mfinyanzi wenye nguvu ya mkato ya tani 10 kwa mita ya mraba, ukomo wa kubeba ni kama mara sita ya hizo, tani 60. Ukiondoa uzito wa udongo uliochimbwa, Messeturm unadai tani 26 tu juu ya ule uliokuwepo. Rafti isiyofaulu mtihani huu isipewe paili chache na kuitwa salama.

Baada ya hapo kuna vipimo vya jengo lenyewe, na mbinu hii inavihitaji kuliko nyingine yoyote. Alama za kimo hupimwa kila baada ya ghorofa kadhaa, zikilinganishwa na alama iliyo mbali na jengo, mahali pasipotitia. Mchoro wa uzito na kushuka ukiwa mstari unaopinda taratibu, mambo ni mema. Ukipinda ghafla huku uzito ukiongezeka kidogo, paili zimeanza kuteleza zote kwa wakati mmoja kabla rafti haijashika sawasawa. Vipimio vya chini ya rafti vikionyesha mgandamizo unapungua huku mzigo wa paili ukipanda, udongo unaondoka, na cha kwanza kutafuta ni nani jirani anapampu maji. Jengo likiwa limekamilika na bado linashuka kwa kasi ileile mwaka wa pili na wa tatu, mfinyanzi wa chini unakandamizika kuliko ilivyokisiwa, na hilo lisiitwe kutulia kwa kawaida. Vipimo hivyo havikomi siku ya kukabidhi funguo. Mkataba useme ni nani atakayevisoma na kuyahifadhi matokeo, kwa sababu jirani anayechimba ghorofa nne za maegesho miaka kumi baadaye atazihitaji namba hizo kabla hajashusha ndoo ya kwanza.